Nukta za Sobol dhidi ya nukta za nasibu: kisa cha bomba la moto na kosa lililopimwa kwa rula isiyo yake

Usuli

Kisa hiki ni cha timu ya watu watatu waliokuwa wakikadiria joto linalopotea kwenye bomba la majimaji ya moto lililovikwa koti la kuzuia joto. Mimi niliitwa katikati ya kazi, baada ya mambo kukwama. Nimeondoa kila kinachoweza kuwatambulisha, na vipimo vya bomba lenyewe sivitaji kwa sababu havibadilishi hoja.

Timu ilikuwa na programu ya kuiga mtiririko wa joto kwenye bomba, vishikio vyake na maungio yake. Iliingizwa namba sita ambazo hakuna aliyezijua kwa uhakika: joto la majimaji, joto la hewa ya nje, unene wa koti, uwezo wa koti kupitisha joto, kipenyo cha bomba, na kasi ambayo hewa inanyonya joto kutoka juu ya koti. Kila moja ilipewa mgawanyo wa kawaida wenye wastani na mkengeuko wake, na zote sita zilichukuliwa kuwa hazitegemeani. Programu ilitoa majibu mawili: wati zinazopotea kwa kila mita ya bomba, na joto la uso wa koti mahali penye moto zaidi.

Ripoti ilihitaji wastani wa upotevu wa joto, kosa lisizidi wati 0.05 kwa mita. Ilihitaji pia uwezekano wa uso wa koti kupita nyuzi 60, kiwango ambacho mteja alikiweka kwa ajili ya usalama wa anayeugusa. Yote mawili kimsingi ni integrali za dimensheni sita: unachukua fanksheni, unaipima kwenye nukta nyingi ndani ya mchemraba wa dimensheni sita, unatafuta wastani.

Tatizo lilikuwa muda. Kuendesha programu mara moja kulichukua sekunde 20, na mashine ilikuwa moja.

Hatua ya kwanza: nukta za nasibu

Walianza kama wengi wanavyoanza, kwa njia ya Monte Carlo ya kawaida. Waliendesha programu kwenye nukta 1,024 za nasibu na wakapata wastani wa wati 141.9, mkengeuko sanifu 18.1. Kosa sanifu la wastani ni mkengeuko ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nukta, yaani 18.1 kwa 32, ambayo ni takriban 0.57.

Kutoka 0.57 hadi 0.05 si mbali kwa macho, lakini kipeuo cha pili ni bahili. Ukitaka kosa lipungue mara kumi unalipa nukta mara mia. Kwa hesabu yao ilihitajika (18.1 / 0.05)², yaani nukta zipatazo 131,000. Zizidishe kwa sekunde 20 na unapata mwezi mzima wa mashine kufanya kazi usiku na mchana. Hawakuwa na mwezi.

Hatua ya pili: Sobol, na uamuzi wa kuiacha

Mchambuzi kijana wa timu alipendekeza mfuatano wa Sobol. Huu ni mmoja wa mifuatano ambayo hujifanya nasibu lakini si nasibu hata kidogo. Nukta zake zimepangwa kimakusudi ili zijaze nafasi sawasawa, pasiwe na rundo hapa na pengo pale. Nukta za nasibu hazijuani, kwa hiyo mbili zinaweza kuangukia karibu mahali pamoja huku pembe nzima ikibaki tupu. Za Sobol, kila moja inaingia pale ambapo zilizotangulia zimeacha uwazi.

Alichota nukta 1,001 bila kuzivuruga. Nukta ya kwanza ya Sobol ni sifuri pande zote. Ukiibadilisha sifuri kuwa namba ya mgawanyo wa kawaida unapata hasi isiyo na mwisho, na programu ikatema `nan`. Akaitupa nukta hiyo, akabaki na 1,000. Skrini ilikuwa imemtolea onyo hili:

```
UserWarning: The balance properties of Sobol' points require n to be a power of 2.
```

Aliliona na akalipita, kwani 1,000 ilionekana namba nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Matokeo: wastani 141.38, mkengeuko sanifu 18.0. Akagawanya kwa kipeuo cha pili cha 1,000, akapata kosa sanifu la 0.57.

Namba ileile kabisa. Mhandisi kiongozi aliiangalia na kusema jambo ambalo mtu yeyote mwenye busara angelisema kwa ushahidi uliokuwa mezani: "Hakuna faida. Turudi kwenye nasibu, tuombe mashine ya pili." Uamuzi ukapita. Hapo ndipo nilipoitwa, na nilichoulizwa ni namna ya kugawa nukta 131,000 kwenye mashine mbili.

Jaribio la nukta nane

Sikutaka kubishana kuhusu bomba. Niliwaomba tukae na kalamu tufanye integrali ambayo jibu lake tunalijua: wastani wa x² kati ya 0 na 1, ambao ni theluthi moja, 0.3333.

Mfuatano rahisi kuliko wote wa aina hii ni wa van der Corput, wa mwaka 1935. Unaandika namba ya zamu kwa mfumo wa jozi, unaigeuza nyuma mbele, na kuiweka baada ya "0.", bado kwa mfumo wa jozi. Zamu ya 1 inatoa 1/2. Zamu ya 2 ni 10 kwa jozi. Ikigeuzwa ni 01, yaani 1/4. Zamu ya 3 inatoa 3/4. Nane za kwanza, ukianza na zamu ya sifuri, ni 0, 1/2, 1/4, 3/4, 1/8, 5/8, 3/8, 7/8. Dimensheni ya kwanza ya Sobol ni hii hii.

Wastani wa miraba ya nukta hizo nane ni 140/512, yaani 0.2734. Kosa ni 0.06. Kwa nukta 16 wastani ni 0.3027, kosa 0.031. Nukta zimeongezeka mara mbili, kosa limepungua mara mbili. Kwa nasibu lingepungua mara 1.4 tu.

Kisha tukasogeza zile nane zote kwa 1/16, ili kila moja ikae katikati ya kisanduku chake badala ya kung'ang'ania ukingo wa kushoto. Wastani ukawa 680/2048, yaani 0.3320. Kosa ni 0.0013. Nukta nane za nasibu, kwa kawaida, zingekosea kwa takriban 0.105.

Hapo nikawaomba wachukue zile nukta nane zilizosogezwa na kukokotoa kosa sanifu kama walivyofanya kwenye bomba: mkengeuko wa thamani za x², ugawanye kwa kipeuo cha nane. Ilitoka takriban 0.11. Kosa halisi lilikuwa 0.0013 na fomula inasema 0.11.

Mchambuzi kijana ndiye aliyeliona kwanza. "Basi hii fomula haipimi kosa letu," akasema, "inapima jinsi fanksheni inavyopanda na kushuka." Hivyo ndivyo ilivyo. Mkengeuko wa thamani ni sifa ya fanksheni. Utapata karibu namba ileile kwa nukta zozote zilizoenea vizuri. Kuugawanya kwa kipeuo cha pili cha N kunatoa kosa la wastani kwa sharti moja tu, kwamba kila nukta imechaguliwa bila kujali nyingine. Nukta za Sobol zimechaguliwa zikijaliana. Rula ile haikuwa yao, na ingetoa 0.57 hata kama wastani wao ungekuwa sahihi hadi tarakimu ya kumi.

Hatua ya tatu: kuvuruga na kurudia

Sasa kulikuwa na swali gumu zaidi. Kama fomula ya kawaida haifai, kosa litajulikanaje? Mfuatano wa Sobol usiovurugwa ni mmoja tu. Ukiuendesha mara mia unapata jibu lilelile mara mia, na hakuna mtawanyiko wa kupima.

Kuna ukomo wa kinadharia, unaoitwa wa Koksma na Hlawka. Unasema kosa halizidi zao la vitu viwili: jinsi fanksheni inavyotikisika, na jinsi nukta zilivyokosa usawa wa mtawanyo. Kwa Sobol, kukosa usawa huko kunapungua kwa kasi ya (log N)^d / N, ambapo d ni idadi ya dimensheni na log ni logi asilia. Kwa macho hiyo inashinda 1/√N. Lakini weka namba za bomba: d = 6 na N = 4,096. (log N)^6 ni takriban 331,000. Ukigawanya kwa 4,096 unapata 81. Kwa nasibu, 1/√N ni 1/64. Ili (log N)^6 / N iwe ndogo kuliko 1/√N, unahitaji nukta zipatazo 10^20. Nilitaka waione hesabu hii kwa sababu wengi huikuta, hukata tamaa, na kusema mifuatano hii haifai zaidi ya dimensheni tatu au nne. Ukomo ni wa kweli, ila ni wa fanksheni mbaya kuliko zote zinazowezekana, na bomba halikuwa mojawapo.

Njia inayofaa ni kuvuruga. Mwaka 1995 Art Owen alionyesha namna ya kuchanganya tarakimu za nukta hizi kwa nasibu bila kuharibu usawa wao: kila kisanduku bado kinapata idadi yake, lakini mahali hasa ndani ya kisanduku panaamuliwa kwa bahati. Kila uvurugaji ni nakala huru. Ukifanya nakala 16, kila moja na mbegu yake, unapata wastani 16 ambazo hazitegemeani, na mtawanyiko wa hizo 16 ndio kipimo halali cha kosa. Zaidi ya hapo, nukta ya sifuri haipo tena, kwa hiyo hakuna cha kutupa.

```python
import numpy as np
from scipy.stats import qmc, norm

# endesha() ni programu ya bomba
wastani = []
for k in range(16):
    s = qmc.Sobol(d=6, scramble=True, seed=100 + k)
    u = s.random_base2(m=8)        # nukta 256
    wastani.append(endesha(norm.ppf(u)).mean())

w = np.array(wastani)
print(w.mean(), w.std(ddof=1) / 4)  # 4 = kipeuo cha 16
```

Tulichagua nakala 16 za nukta 256 badala ya nakala nne za nukta 1,024, ingawa jumla ni ileile. Nakala ndefu zingetoa wastani bora zaidi, kwa kuwa faida ya Sobol hukua kadiri nukta zinavyoongezeka ndani ya nakala moja. Lakini mkengeuko unaopimwa kwa namba nne tu hauaminiki, na timu hii ilikuwa tayari imeshaumizwa na kipimo kibaya cha kosa. Nilikubali kupoteza kidogo upande wa wastani ili kosa lijulikane vizuri. Bado naona ulikuwa uamuzi sahihi kwa mara ya kwanza.

Jumla ilikuwa mara 4,096 za kuendesha programu, saa zisizofika 23. Wastani 16 zilitawanyika kwa mkengeuko wa 0.08, na 0.08 kwa 4 ni 0.02. Jibu: wati 141.47, kosa sanifu 0.02. Nukta 4,096 za nasibu zingetoa kosa la 18.1 / 64, yaani 0.28. Sobol iliyovurugwa ilikuwa bora mara 14, na kwa sheria ya kipeuo cha pili hiyo ni sawa na nasibu kutumia nukta mara 200 zaidi.

Rudi sasa kwenye lile jibu la nukta 1,000 lililotupwa. Lilikuwa 141.38, tofauti ya 0.09 tu na 141.47. Faida ilikuwepo tangu siku ile, ingawa nukta hazikuwa kipeo cha 2 na ya kwanza ilikuwa imetupwa.

Kwa nini nukta moja ina uzito

Suala la kutupa nukta linastahili maelezo, kwa sababu ushauri wa kuruka nukta za mwanzo umeenea sana na kwa Sobol ni mbaya. Nukta 256 za kwanza zimepangwa kama timu: ukigawa mchemraba kwa njia fulani nyingi katika visanduku vilivyo sawa, kila kisanduku kina idadi sawa ya nukta. Ukitoa moja na kuweka ya 257 mahali pake, kisanduku kimoja kinabaki pungufu na kingine kinazidi. Kubadilisha nukta moja kati ya N kunasogeza wastani kwa kiasi cha ukubwa wa 1/N. Kwa nasibu kosa tayari ni 1/√N, kwa hiyo 1/N haionekani. Lakini kwa fanksheni laini, Sobol iliyovurugwa inaweza kufikia kasi ya karibu N^(−3/2), na hapo 1/N ndiyo inayotawala kila kitu. Owen aliliandikia jambo hili mwaka 2020: kutupa nukta ya kwanza kunaweza kuirudisha kasi kutoka N^(−3/2) hadi 1/N. Kuchagua 1,000 badala ya 1,024 kunaleta dhara la jamii hiyohiyo.

Hatua ya nne: uwezekano wa kupita nyuzi 60

Baada ya wastani kufaulu, timu ilitarajia jibu la pili liwe limefaulu vilevile, maana lilitoka kwenye nukta zilezile. Uwezekano ulitoka 0.05. Nasibu ingetoa kosa la √(0.05 × 0.95) / 64, yaani 0.0034. Nakala 16 zilionyesha 0.0021. Ni nafuu, lakini ni mara 1.6 tu, baada ya kuzoea mara 14.

Sababu iko kwenye umbo la fanksheni. Upotevu wa joto unabadilika polepole unapobadilisha namba zinazoingia. Lakini "je, imepita 60?" ni fanksheni ya 0 na 1: upande mmoja wa mpaka ni 0, upande wa pili ni 1, na mpaka wenyewe unakata mchemraba kimshazari. Kisanduku kilicho upande mmoja kikamilifu hakina kosa lolote. Kosa lote linatoka kwenye visanduku vinavyokatwa na mpaka, na ndani ya hivyo mpangilio mzuri hausaidii. Nukta inaangukia upande huu au ule kama shilingi iliyorushwa. Tukadirie: mchemraba wa dimensheni sita ukigawanywa katika visanduku 256, mpaka unapita kwenye idadi ya kiwango cha 256^(5/6), yaani takriban 100. Karibu mbili kwa tano ya visanduku vyote! Kwa hesabu hiyo hiyo kosa linapungua kwa kasi ya N^(−1/2 − 1/(2d)). Kwa d = 6 na N = 256, nyongeza hiyo inalipunguza kosa la nasibu hadi asilimia 63 yake, na 63 kwa mia ya 0.0034 ni 0.0021. Nadra makadirio ya namna hii kugongana na kipimo kwa ukaribu kiasi hiki, na sitegemei yagongane hivyo kila mara.

Dawa ilikuwa kuuondoa mruko kabla ya kuita nukta. Modeli yao haikuwa na mionzi, na uwezo wa koti haukutegemea joto, kwa hiyo joto la uso lilifuata mstari mnyoofu: joto la hewa, kujumlisha sehemu φ ya tofauti kati ya majimaji na hewa. φ inategemea koti, kipenyo na kasi ya hewa kunyonya joto tu, na programu ikiendeshwa mara moja inaitoa. Ukiijua φ na joto la majimaji, unajua joto la hewa ambalo likipitwa, uso unapita 60. Liite c:

```
c = (60 − φ·T_majimaji) / (1 − φ)
```

Badala ya kuchota joto la hewa na kuuliza ndiyo au hapana, unachukua uwezekano wa joto la hewa kuzidi c moja kwa moja kutoka kwenye mgawanyo wake. Kilichokuwa 0 au 1 sasa ni namba laini kati ya 0 na 1, na dimensheni zimebaki tano. Haikuhitajika kuendesha programu upya hata mara moja. Thamani zote za φ zilikuwa kwenye mafaili ya matokeo.

Kosa la Sobol lilishuka kutoka 0.0021 hadi 0.0003. Tulipima pia nasibu kwa ulainishaji uleule, kwani bila hivyo tungeisifia Sobol kwa kazi isiyo yake: ilishuka kutoka 0.0034 hadi 0.0018. Ulainishaji ulisaidia wote wawili, ila Sobol ulimsaidia zaidi. Kabla yake pengo kati yao lilikuwa mara 1.6, baada yake mara 6.

Uchambuzi: dimensheni zipi zinahesabiwa

Mteja aliporudi aliomba kitu kigumu zaidi. Badala ya joto moja la hewa alitaka siku 30, kila siku na joto lake. Dimensheni sita zikawa 35, na mhandisi kiongozi akauliza kama huo ndio mwisho wa Sobol.

Kwa wastani wa upotevu wa joto, hapana. Kosa lilipanda kidogo tu, kutoka 0.02 hadi 0.03. Fanksheni ile ilikuwa karibu jumla ya vipande, kila kipande kikitegemea namba moja, na mchango mdogo wa namba mbili zikishirikiana. Sobol inagawa kila dimensheni, ikiangaliwa peke yake, kwa usawa kamili. Kwa fanksheni ya namna hiyo, dimensheni 35 ni kama matatizo 35 ya dimensheni moja yanayotatuliwa kwa pamoja. Hili ndilo lililoeleza pia matokeo yaliyowashangaza watu mwaka 1995, Paskov na Traub walipotumia mifuatano hii kwenye integrali ya kifedha ya dimensheni 360 na kuipita Monte Carlo. Miaka miwili baadaye Caflisch, Morokoff na Owen walilieleza kwa wazo la dimensheni tendaji: idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ni kitu kimoja, na ile ambayo fanksheni kweli inaitumia ni kitu kingine.

Kwa swali la pili, jibu lilikuwa tofauti. Mteja alitaka uwezekano kwamba angalau siku moja kati ya 30 uso utapita 60. Uwezekano ulitoka 0.2, kosa la nasibu kwa nukta 4,096 lingekuwa 0.4 / 64, yaani 0.0063, na Sobol ilitoa 0.0058. Faida imekwisha. Mpaka wenye pembe 30 ndani ya dimensheni 35 unakata karibu kila kisanduku kilichopo.

Wangeweza kukubali 0.0058 na kupanga idadi ya nukta kwa sheria ya kipeuo cha pili. Mchambuzi kijana aliliangalia c tena na kuona kwamba halina joto la hewa ndani yake. Linatoka kwenye zile namba tano. Swali "angalau siku moja" ni sawa na kuuliza kama siku yenye joto kali kuliko zote inazidi c, na joto la siku 30 linaweza kuchotwa bila kuigusa programu ya bomba. Alichota miezi milioni moja kwa nukta za nasibu za kawaida, kazi ya sekunde chache, akatengeneza jedwali la mgawanyo wa siku ya joto kali. Kosa la jedwali halizidi 0.5 / 1,000, yaani 0.0005. Kisha akapitisha kila c kwenye jedwali hilo, kwa nukta za Sobol zilizovurugwa za dimensheni tano, na nakala 16 zikaonyesha kosa la 0.0006. Yakijumlishwa kwa miraba yao, makosa yote mawili ni 0.0008.

Mpango huu una masharti mawili, na waliyaandika kwenye ripoti. Joto la hewa lisitegemeane na zile namba tano, na modeli ibaki ya mstari mnyoofu kwa joto. Wakiongeza mionzi, c haitapatikana kwa fomula. Itabidi itafutwe kwa kuendesha programu mara kadhaa kwa kila nukta, na hesabu ya saa 23 ianze upya.